Fahamu: Aifoni ikikwama kwenye nembo baada ya sasisho, data bado ipo

Tazama kwanza chini ya lile tufaha. Kama kuna mstari wa maendeleo, sasisho bado linaendelea. Iache simu kwenye chaji. Mstari usiposogea kwa zaidi ya saa moja, ndipo uiwashe upya kwa nguvu. Hatua hiyo haifuti chochote.

Kwa Aifoni 8 na za baadaye, bonyeza kitufe cha kuongeza sauti na kukiachia upesi, fanya vivyo hivyo kwa cha kupunguza, kisha shikilia cha ubavuni mpaka nembo itokee. Ikirudi kukwama palepale, iunganishe na kompyuta kwa waya na urudie, ila safari hii usiachie kitufe cha ubavuni nembo inapotokea. Subiri picha ya waya na kompyuta.

Hapo ndipo wengi hupoteza picha zao. Kompyuta itakupa chaguo mbili: Update hupakia mfumo upya na kujaribu kuacha data ilipo, Restore hufuta kila kitu. Chagua Update. Intaneti ikiwa ya polepole na upakuaji ukapita dakika 15, simu itatoka yenyewe kwenye skrini hiyo ya waya na kompyuta. Acha upakuaji umalizike, kisha rudia vitufe.

Update ikishindikana, kinachobaki kwa kawaida ni Restore, na picha zitarudi tu kama zilihifadhiwa iCloud au kwenye kompyuta. Fundi akikimbilia Restore kabla ya kujaribu Update, mkatalie.