Fimbo ya Silinda Hupinda Wapi, na kwa Nini

Mashine ya kushindilia maboksi chakavu inaweza kuwa na silinda ya haidroliki yenye kipenyo cha ndani cha milimita 80, na fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 50. Pampu ikifikisha baa 160, silinda husukuma kwa nguvu ya kama tani 8. Chuma cha unene huo hakipondeki kwa mzigo kama huo. Lakini fimbo ikiwa ndefu, inaweza kukwepa upande na kupinda ghafla.

Mwaka 1744 mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha jinsi ya kukokotoa mzigo huo wa kupinda. Urefu ukiongezeka maradufu, mzigo ambao fimbo inaweza kuhimili hushuka hadi robo. Kununua chuma cha daraja la juu hakusaidii fimbo ndefu, kwa sababu ukinzani wa vyuma dhidi ya kupinda unakaribiana. Unene ndio unaosaidia: kutoka milimita 50 hadi 60, uwezo unakuwa zaidi ya mara mbili.

Urefu unaohesabiwa hutegemea namna silinda ilivyofungwa. Tuseme ya kwetu ina pini nyuma na pini mbele, na ikitoka yote kuna mita 3.4 kati ya pini hizo. Kwa tahadhari, tunahesabu urefu wote kana kwamba ni fimbo tupu, ingawa bomba la silinda ni gumu zaidi. Tunapata tani 5.6, sawa na baa 110 hivi. Vali ya usalama iliyowekwa baa 160 haitafunguka mapema kiasi cha kuiokoa fimbo.

Sasa pini ya nyuma iondolewe, silinda ishikwe kwa pini mbili za ubavuni, karibu na mdomo ambamo fimbo hutokea. Kutoka hapo hadi pini ya mbele ni mita 1.7. Mafuta ni yaleyale na fimbo ni ileile, lakini sasa inahimili tani 22. Wahandisi huigawa namba hiyo kwa 3.5 kwa ajili ya usalama, na kubaki tani 6.4. Kwa hiyo hata hapa vali ingeshushwa hadi baa 125.

Flanji ya mbele iliyokazwa kwa bolti ina nguvu zaidi, mradi bamba linalosukumwa lipite kwenye reli. Reli zikilika na bamba likaachwa liyumbe, fimbo ya mita 1.7 huhesabiwa kama ya mita 3.4, na tunarudi kwenye tani 5.6. Ndiyo maana fundi makini huangalia reli mapema. Pia huipitishia fimbo kidole: mikwaruzo ya upande mmoja, pamoja na sili inayovuja upande huohuo, humwambia kwamba fimbo imeanza kuegemea.