Bibi anaposema chakula hakina ladha

Kwa miezi kadhaa, mkamwana wa bibi mmoja wa miaka 76 mjini Morogoro alidhani anasumbuliwa makusudi. Kila mchuzi ulipata jibu lilelile: "Mwanangu, hukutia chumvi." Akiongeza, wajukuu wanashindwa kula. Mwishowe bibi akauacha mchuzi kabisa. Asubuhi chai yenye sukari nyingi na mkate, mchana hana njaa, jioni chai tena.

Siri ilifichuka siku alipotia kwenye chai yake maziwa yaliyochacha, akanywa. Wenzake waliisikia harufu kutoka mlangoni. Yeye hakusikia kitu.

Tunachokiita ladha, kwa sehemu kubwa, ni harufu. Ulimi hutambua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama. Kinachotofautisha mchuzi wa samaki na wa kuku ni harufu inayopanda puani kutoka kinywani mtu anapotafuna. Ndiyo maana mwenye mafua huona vyakula vyote sawa. Uwezo wa kunusa hupungua umri unavyosonga, na wengi waliovuka miaka 80 wamepoteza sehemu yake. Hutokea polepole mno, hivyo mzee hajigundui. Humlaumu mpishi.

Si umri peke yake. Kaptopril, mojawapo ya dawa za presha, huweza kubadili ladha mdomoni. Metformin ya kisukari huweza kuacha ladha kama ya chuma na kupunguza hamu ya kula. Mzee asiache dawa kwa uamuzi wake. Apelekwe kwa daktari na dawa zake zote, ili aone kama ipo ya kubadilisha. Kinywa kikavu na meno ya bandia yanayobana navyo vikaguliwe.

Kwa bibi huyu, dalili ilikuwa imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki ya presha: Januari kilo 58, Juni kilo 54. Hakuna aliyetoa hesabu. Kupungua asilimia 5 ndani ya miezi sita bila kukusudia ni onyo, na kwake hiyo ni kama kilo 3 tu. Alikuwa amekwisha kuvuka.

Nyumbani walibadili mambo machache. Kwa kuwa ana presha, chumvi ilirudishwa kiasi cha kawaida. Mchuzi ukaongezwa limau, tangawizi na kitunguu saumu. Uji wa ulezi ukatiwa maziwa na karanga za kusaga, kikombe kidogo mara mbili kwa siku, maana sahani iliyojaa humkatisha tamaa. Yai likaingia asubuhi, na chai ikasogezwa hadi baada ya kula, kwani ndiyo iliyokuwa ikimjaza tumbo.

Agosti mzani ulisoma kilo 55 na nusu. Harufu haijarudi. Maziwa, sasa, huonjwa kwanza na mkamwana.