Maziwa: Nyumba kwa Nyumba ao Koperative? Tupige Hesabu

Ndugu wafugaji, wengi wenu kule Masisi mnasema: «Koperative inatoa franga 1.000 kwa lita, na mimi kwenye nyumba za watu napata 1.000 kwa chupa. Sasa nipeleke huko kwa nini?» Ni kweli, chupa ile kubwa ya bia inabeba sentilita 72 tu, haifike lita. Lakini bei ya kutangaza si pesa ya kurudi nayo nyumbani.

Tuchukue mfano, na nyinyi mtie bei za kwenu. Mfugaji anakamua lita 10 asubuhi, ni karibu chupa 14. Anapanda moto mpaka mjini, kwenda na kurudi ni franga 2.500. Chupa 11 zinalipwa palepale, moja inaenda kwa deni, mbili zinabaki na saa sita zimeanza kuchacha. Mkononi ana 11.000. Akitoa moto, inabaki 8.500.

Kwenye depo ya koperative lita zote 10 zinapokelewa: 10.000. Mwenye kubeba bidoni anachukua 500. Tuseme mara moja kwa mwezi maziwa yanaganda kwenye kipimo cha alkoli na yanakataliwa: hasara hiyo, ukiigawa kwa siku 30, ni karibu 330 kwa siku. Inabaki 9.170.

Basi ukitaka kuzungusha maziwa mjini, chupa zako 11 zilete hiyo 9.170 pamoja na 2.500 ya moto. Ni 11.670, ukigawa kwa 11 unapata karibu 1.060. Ukiuza chini ya 1.100 kwa chupa, unamfanyia dereva wa moto kazi.

Lakini majirani ni mambo mengine. Ukiuza chupa 5 kwa nyumba za karibu, zenye kulipa kila juma, hakuna moto: ni 5.000. Lita 6,4 zinazobaki zinaenda kwenye depo. Ukitoa mbebaji na hasara ya kukataliwa, siku hiyo inakuachia karibu 10.700. Hiyo inapita njia zote mbili.

Angalisho moja. Wakati wa kiangazi maziwa yanapungua, bei ya nyumbani inapanda, na wengine wanaacha depo kabisa. Mvua ikirudi, wote wanakuja na bidoni zao siku moja. Depo inakuwa imeshapoteza wanunuzi wake, na bei inashuka kwa kila mtu. Kwa hiyo mukutane, kila mwanamemba aseme lita ngapi ataleta kila siku, kiangazi na mvua, na iandikwe kwenye kitabu. Zinazopita hapo auze anapotaka.

Na deni? Liandike siku ile ile. Nyumba ambayo haijalipa juma mbili, chupa yake iingie kwenye bidoni ya depo.