Tatuu Ilitaja Jina, Alama za Vidole Zikathibitisha

Tarehe 25 Aprili 1935, jijini Sydney, Australia, papa aliyekuwa akionyeshwa kwa watu katika bwawa la Coogee alianza kuzungukazunguka kama mgonjwa, kisha akatapika. Miongoni mwa vilivyomtoka tumboni ulikuwamo mkono wa kushoto wa mtu, umefungwa kamba kwenye kifundo, na juu ya ngozi yake imechorwa tatuu ya mabondia wawili wanaokabiliana. Daktari wa polisi alipouchunguza aliona kwamba haukung'atwa na papa. Ulikuwa umekatwa kwa kisu.

Magazeti yalipotangaza habari za tatuu hiyo, mwanamume mmoja alifika polisi na kusema kuwa mkono ule ni wa ndugu yake, James Smith, aliyewahi kuwa bondia na ambaye familia haikuwa imemwona tangu mapema mwezi ule. Mke wa Smith naye aliitambua michoro ile. Hata hivyo, polisi hawakufunga faili. Kwa kuwa Smith aliwahi kukamatwa miaka ya nyuma, alama za vidole vyake zilikuwa kwenye kumbukumbu zao. Wataalamu walichukua alama kwenye vidole vya mkono ule, ingawa ngozi ilikuwa imelainika kwa maji na tumbo la papa, wakazilinganisha na zile za kwenye faili. Zikawa za mtu mmoja.

Tuangalie kila kimoja kilifanya kazi gani. Mji mzima ulikuwa na wanaume wengi waliopotea au kuhama bila kuaga, na bila tatuu polisi wasingejua waanzie faili la nani. Tatuu ilileta jina moja la kupimwa. Lakini mabondia wawili ni mchoro ambao fundi anaweza kuwachora wateja kumi, na waliosema "ni wake" walikuwa watu wenye hofu, wakitegemea kumbukumbu ya macho. Alama za vidole hazikutegemea kumbukumbu ya mtu. Zilichukuliwa Smith akiwa hai, tena kwa sababu isiyohusiana kabisa na kifo chake.

Tofauti hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo. Mwongozo wa Interpol wa kutambua waliokufa kwenye maafa huweka alama za vidole, meno na vinasaba katika daraja la kwanza. Tatuu, makovu, mabaka ya kuzaliwa, nguo na vitu vya mfukoni viko daraja la pili: husaidia na huongeza uzito, lakini kwa kawaida havitoshi peke yake kumkabidhi mtu maiti.

Sababu ya kwanza ni kwamba makovu mengi ni ya watu wengi. Chukua kovu la mviringo lililo ndani ya ndama ya mguu wa kulia. Yeyote aliyepanda bodaboda anajua linatoka wapi: pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia, na abiria anayeshuka bila kuangalia huunguzwa papo hapo. Ajali ya basi ikiwaua watu thelathini, si ajabu watatu wawe nalo. Hali ni hiyo hiyo kwa kovu la chanjo ya kifua kikuu, mshono wa upasuaji wa uzazi, au chale za kifuani ambazo mganga mmoja amewachanja watoto wa ukoo mzima. Alama kama hizo zinaweza kumtoa mtu kwenye orodha ya wanaodhaniwa kuliko kumthibitisha. Ikiwa marehemu alifanyiwa upasuaji wa tumbo na maiti haina mshono wowote, basi huyo siye.

Sababu ya pili ni namna jicho linavyofanya kazi mochwari. Ndugu ameitwa, amesimama dakika chache mbele ya mwili uliovimba na kubadilika rangi, na ameambiwa mapema kwamba mtu wake alikuwa kwenye gari lile. Akiona kovu mguuni, moyo unakubali kabla macho hayajamaliza kazi. Ndiyo maana mhudumu makini hamwonyeshi ndugu mwili na kumuuliza, "Ni huyu?" Humtaka kwanza aeleze alama kwa maneno yake, ziandikwe, ndipo zilinganishwe.

Maelezo yenyewe yana vipimo. "Ana kovu mguuni" halisaidii chochote. Linalosaidia ni hili: kovu lililonyooka, urefu wa sentimita saba hivi, mbele ya ugoti wa kushoto, limevimba, alilipata alipoanguka kwenye mwembe akiwa darasa la tano. Katika fomu za Interpol, fomu ya njano hujazwa habari za mtu alipokuwa hai, na ya waridi hujazwa yaliyoonekana kwenye maiti. Wanaojaza hii hawatakiwi kuazima maneno ya ile, maana hapo ulinganifu unakuwa wa kutengeneza.

Kosa linalojirudia ni la kulia na kushoto. Familia huleta picha ya simu, na picha nyingi za kujipiga mwenyewe huhifadhiwa zikiwa zimegeuzwa kama kioo, hivyo tatuu ya mkono wa kulia inaonekana ya kushoto. Njia rahisi ya kugundua ni kutafuta maandishi kwenye picha: kama herufi za fulana zinasomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa.

Mwili nao hubadilika. Kovu la mtoto hutanuka kadiri anavyokua, na kovu lililovimba linaweza kuendelea kukua miaka mingi. Tatuu ni tofauti: wino wake umekaa chini ya tabaka la juu la ngozi, kwa hiyo maiti inapoanza kuharibika na tabaka hilo kuvuliwa, mchoro mara nyingi huonekana wazi zaidi. Hata kwa aliyeungua, masizi yakifutwa, huenda tatuu ikatokea.

Sasa kumbukumbu za kuthibitisha zinatoka wapi? Kwa mtu mzima wa Kenya au Tanzania, pa kuanzia ni alama za vidole alizotoa alipoandikishwa kitambulisho cha taifa. Kwa mtoto ambaye hajafika umri huo, inabidi vinasaba vya wazazi. Faili za meno kwetu ni chache, lakini kovu lenyewe linaweza kuonyesha hospitali ya kwenda. Mshono mrefu wa pajani pengine una chuma kilichofungwa kwenye mfupa, na hospitali iliyokiweka ina picha ya eksirei inayoonyesha umbo la mfupa, mahali pa kila skrubu na pembe yake. Eksirei ya maiti ikipigwa na kulinganishwa na ile, kovu linakuwa limepata shahidi.

Pale ngozi isipobaki, alama hazina kazi tena. Miili iliyofukuliwa msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilihitaji vinasaba kulinganishwa na vya ndugu, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Kungoja karibu mwaka mzima ni mateso, lakini anayezika maiti isiyo yake anazinyima familia mbili haki yao kwa siku moja.

Na utambuzi hata ukithibitika, hujibu swali moja tu. Sydney ilijua kwa uhakika mkono ni wa Smith, lakini mahakama ikaamua kwamba mkono peke yake si maiti ya kufanyiwa uchunguzi wa kifo. Aliyeshtakiwa kwa mauaji aliachiwa huru mwaka huo huo. Jina lilipatikana, muuaji hakupatikana.