Tangazo na Bonasi: Namna ya Kujua Kipi Kilichouza

Kuelekea mwezi wa Oktoba, wakulima wa chai wa Kericho na Bomet walio chini ya KTDA wanapopokea yale malipo ya pili ambayo wenyewe huyaita bonasi, fedha humiminika sokoni kwa wingi usioonekana katika miezi mingine, na hata Longisa, iliyo upande wa mashariki katika barabara ya kwenda Narok, ambako mahindi na ng'ombe wameshika nafasi kubwa kuliko chai, wenye maduka huongeza shehena zao. Ni wakati huo huo ambapo wenye viwanda na mawakala wao hutoa matangazo kwa nguvu: gari lenye vipaza sauti hupita senta baada ya senta, redio za Kikalenjin hujaa sifa za bidhaa, na simu za watu hupokea ujumbe asubuhi na jioni. Kisha mauzo hupanda, na yule aliyelipia matangazo hutazama daftari lake na kuridhika kwamba fedha zake zimezaa.

Lakini daftari hilo halimwambii jambo hilo hata kidogo. Limemwambia tu kwamba vitu viwili vilitokea katika msimu mmoja, na maadamu yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kutangaza wakati ambao watu wana fedha, hawezi kuyatenganisha matendo ya tangazo na matendo ya bonasi. Wala hakuna faida kumwuliza mnunuzi kama alisikia tangazo, kwa kuwa yule aliyekuja kununua ambaye angekuja vivyo hivyo pasipo kusikia neno lolote atajibu kwa unyofu kabisa kwamba alilisikia. Anachotaka kukijua mwenye mali ni kiasi gani kingeuzwa mahali pale pale, majuma yale yale, lau tangazo lisingalikuwapo. Na kwa kuwa jambo lisilotokea haliwezi kuhesabiwa, hana budi kutafuta mahali pengine panapofanana na pale, apanyime tangazo kwa makusudi, na apafanye kuwa kipimo.

Afrika Mashariki ina mfano bora wa kazi hii, ingawa bidhaa yake haikuuzwa dukani. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, uliotungwa ili, pamoja na kuburudisha, uwavute wasikilizaji kwenye uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mchezo ulisikika nchini kote isipokuwa katika eneo la mtambo wa Dodoma, ambao tangu mwaka 1993 hadi 1995 ulipewa vipindi vingine saa ile ile. Watafiti, akiwamo Everett Rogers, mtaalamu wa Kimarekani wa namna mambo mapya yanavyoenea miongoni mwa watu, wakawa wanawahoji wananchi wa pande zote mbili mwaka hata mwaka, na pia wakatazama idadi ya watu wapya waliofika zahanati kuchukua njia za uzazi wa mpango. Matumizi ya njia hizo yaliongezeka mahali mchezo uliposikika, na Dodoma hayakuongezeka namna hiyo. Kisha mwaka 1995, mchezo ulipofunguliwa Dodoma nako, ongezeko likafuata huko.

Nguvu ya ushahidi huo imo katika hatua ile ya mwisho kuliko katika zote zilizotangulia. Dodoma ni nchi kavu, yenye watu wake na desturi zake, na mtu mwenye shaka angeweza kusema kwamba tofauti ilikuwapo tangu asili. Lakini mahali palipokuwa pamebaki nyuma panaposogea mara tu panapopewa kitu kile kile kilichozuiliwa, hoja ya asili hupungua nguvu. Hata hivyo, sharti tukiri udhaifu wake kwa bayana: eneo lililozuiliwa lilikuwa moja tu, na lilipatikana kwa sababu ya mahali mtambo ulipo, wala si kwa kura. Lau Dodoma ingepata ukame mkali au dawa zingekosekana katika zahanati zake katika miaka hiyo miwili, lawama ingeangukia ukosefu wa mchezo, na hapangekuwa na eneo la pili la kutusahihisha.

Sasa turudi Longisa, na tufanye hesabu ya kubuni, ili tuone jinsi mtu mwenye mali kidogo anavyoweza kufuata njia hiyo na kuuepuka udhaifu huo. Tuseme wakala anauza chakula cha ng'ombe wa maziwa katika senta kumi na mbili za Bomet na Kericho, na anataka kujua kama gari la matangazo linamlipa. Kwanza atachukua mauzo ya kila juma ya kila senta kwa mwaka mzima uliopita, na atazipanga senta kwa jozi, si kwa ujirani wake bali kwa mwenendo wa mauzo yake: Longisa pamoja na Sigor, ambazo zote ni nchi ya mahindi na mifugo, Mogogosiek pamoja na Litein, ambako fedha hupanda na kushuka na chai, na kadhalika hadi jozi sita. Kuipambanisha Longisa na Mogogosiek kungekuwa kosa kubwa, kwa sababu juma la bonasi lingeinua upande mmoja kuliko mwingine, na tungerudi kwenye fumbo lile lile tulilotaka kuliepuka.

Kisha, katika kila jozi, atarusha sarafu kuamua ni senta ipi itapitiwa na gari na ipi itaachwa. Hatua hii ndiyo wafanyabiashara wengi huipinga, kwa kuwa kila mmoja anajua senta ambayo anaamini itaitikia vizuri na angependa kuanza nayo. Lakini imani hiyo ndiyo inayoharibu kipimo, maana senta iliyochaguliwa kwa sababu inaelekea kukua itakua, na tangazo litasifiwa kwa kazi isiyo yake.

Tuseme katika majuma manne kabla ya jaribio senta sita zilizoangukiwa na kura ziliuza jumla ya magunia 1,200, na zile sita nyingine magunia 1,000. Katika majuma manne ya jaribio, za kwanza ziliuza 1,380 na za pili 1,100. Wakala angefurahia ongezeko la magunia 180. Lakini senta zisizotangaziwa nazo zimepanda kwa asilimia 10, yaani msimu wenyewe ungezifikisha zile za kwanza kwenye magunia 1,320. Kilichobaki kwa tangazo ni magunia 60. Ikiwa faida ya kila gunia ni shilingi 150, tangazo limeleta shilingi 9,000, na kama gari, dereva, mafuta na msemaji vilimgharimu shilingi 40,000, basi biashara hiyo imekula fedha.

Hayo magunia 60 nayo si lazima yawe ya kweli. Atazame jozi moja moja: tuseme katika jozi nne senta iliyotangaziwa ilikua zaidi ya mwenzake, na katika jozi mbili ikakua kidogo zaidi ile iliyoachwa. Sarafu iliyorushwa mara sita ina njia 64 za kuanguka, na katika njia 22 kati ya hizo upande mmoja uliotajwa kabla hupata nne au zaidi, hata kama tangazo halina athari yoyote. Matokeo ambayo bahati tupu huyaleta takribani mara moja katika kila mara tatu hayatoshi kuwa ithibati. Lau jozi zote sita zingeelekea upande wa tangazo, hiyo ingekuwa njia moja tu kati ya 64, na hapo tungekuwa na haki ya kusema.

Watu wengi huishia hapo na kutamka kwamba tangazo halikufanya kazi, ilhali hesabu haikusema hivyo. Kushindwa kuona tofauti si sawa na kuona kwamba tofauti haipo. Swali linalomfaa wakala ni jingine: ili arudishe shilingi zake 40,000 anahitaji magunia 267 ya ziada, yaani ongezeko la sehemu kama ya tano juu ya yale 1,320. Basi ajaribu kila kiasi kinachodhaniwa: akikiondoa katika mauzo ya senta zilizotangaziwa, je, kinachobaki kinafanana na mchezo wa sarafu? Tuseme kwa kufanya hivyo anakuta kwamba athari yoyote kuanzia kupotea magunia 80 hadi kuongezeka magunia 200 inapatana na mauzo aliyoyaona. Upeo huo ni mpana, na sifuri imo ndani yake. Lakini 267 haimo. Hajui kama tangazo lina kazi, ila anajua kwamba, kwa bei anayolipa, halijamlipa, na kwa uamuzi ulio mbele yake elimu hiyo inamtosha.

Upana huo hupunguzwa kwa kuongeza senta au kwa kurefusha majuma, na hapa ndipo ninapoona kasoro katika majaribio mengi: watu hupima kwanza na kuuliza baadaye kama kipimo kingeweza kuona. Inafaa kuchukua mwaka uliopita, ambapo hapakuwa na jaribio lolote, kurusha sarafu juu ya takwimu zake kana kwamba lilikuwapo, na kuangalia tofauti zinazojitokeza zenyewe. Zikifika asilimia 20 mara kwa mara, jaribio la namna ile halifai hata kuanzishwa.

Adui mwingine ni uvujaji. Redio haifai katika nchi hii kwa kipimo cha senta, kwa kuwa sauti yake huzifikia Longisa na Sigor pamoja. Gari la vipaza sauti lafaa, lakini siku ya soko mtu wa Mulot huja Longisa, akasikia, akarudi kununua kwao. Hilo hupandisha mauzo ya senta iliyoachwa na kuifanya athari ionekane ndogo kuliko ilivyo. Kenya imekwisha kuliona jambo hilo katika uwanja tofauti: huko Busia, tangu mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walipofuatilia shule 75 zilizopewa dawa za minyoo kwa zamu, waligundua kwamba watoto wa shule jirani zisizopewa nao walinufaika, kwa kuwa maambukizo yalipungua katika eneo zima, na mlinganisho wa haraka ungeidharau dawa. Wakala wetu ataacha umbali kati ya senta zake mbili za jozi, na atahesabu pia senta zilizo pembeni ili aone kama nazo zimepanda.

Kampuni kubwa nazo zimepitia njia hii. Mwaka 2012 eBay ilizima matangazo yake ya kulipia katika mtambo wa kutafutia wa Google kwa karibu theluthi ya maeneo ya soko ya Marekani, ikayaacha mengine yakiendelea. Na utafiti wa Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mauzo karibu hayakutikisika, kwa sababu wateja wa mara kwa mara walifika kwa njia nyingine. Walioguswa na tangazo ni wageni na wale wanunuao kwa nadra. Jambo hilo lingemfaa wakala wa Longisa kuliko hesabu ya jumla, kwani akiandika katika daftari ni nani aliyenunua kwa mara ya kwanza, ataweza kuyagawanya magunia yake 60 kati ya wageni na wateja wa zamani.

Akimaliza, ageuze: zile sita zilizoachwa zitangaziwe na zile nyingine zinyamaziwe, lakini baada ya majuma kadhaa ya mapumziko, kwa kuwa mfugaji aliyenunua magunia mawili Oktoba kwa ajili ya tangazo huenda asinunue Novemba, na upungufu huo, usipongojewa, utahesabiwa kuwa ushindi wa tangazo la upande wa pili.