Chombo cha Maua cha Mstari Mmoja

Chombo cha maua kilichosokotwa, kilichotoka kwenye printa ya 3D, huonekana kama kazi ya saa nyingi. Ukikichunguza kwa karibu, utaona kuwa ukuta wake ni mstari mmoja tu wa plastiki, unaozunguka na kupanda bila kukatika kutoka kitakoni hadi mdomoni. Chombo chenye kimo cha milimita 150 na upana wa milimita 80 huwa na karibu mita 180 za mstari huo, na bado uzito wake haufiki gramu 35.

Anayekichora kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na ukuta: huchora umbo la nje, hulichimba ndani, kisha huacha unene wa milimita moja au mbili. Kwa chombo cha aina hii, hiyo ni kazi ya bure. Kinachochorwa ni donge lililojaa kuanzia chini hadi juu. Unene wa ukuta huamuliwa mwishoni kabisa, katika programu inayokata umbo kuwa matabaka ya kuchapwa. Kwenye mchoro, kazi kubwa ni kuusokota mwili bila kuuharibu.

Kiuno kinachokonda

Tuchukue umbo la pembesita, yaani lenye kona sita, ambalo kila kona yake iko milimita 40 kutoka katikati. Tunataka mdomo uwe umegeuka nyuzi 90 kulinganisha na kitako. Njia inayokuja haraka akilini ni kuchora pembesita mbili, moja chini na nyingine juu iliyogeuzwa, kisha kuiambia programu iziunganishe kwa amri ya `Loft`. Amri hiyo hutandaza uso kutoka umbo moja hadi jingine.

Matokeo hukatisha tamaa kwa namna mbili. Kwanza, pembesita iliyogeuzwa nyuzi 60 haina tofauti na ile ya mwanzo, kwa hiyo nyuzi 90 huonekana sawa na nyuzi 30. Programu inaweza kuunganisha kila kona na ile iliyo karibu nayo, na msokoto ukapungua kuwa theluthi moja ya ulioukusudia. Pili, hata kona zikiunganishwa ipasavyo, kila moja huenda kwa mstari ulionyooka badala ya kufuata duara. Mstari ulionyooka hukata ndani ya duara, na hapo mwili hufanya kama kitambaa kinachokamuliwa: hukonda katikati. Kwa mgeuko wa nyuzi 90, kona iliyokuwa milimita 40 kutoka katikati hubaki milimita 28 tu kwenye nusu ya kimo. Chombo chenye upana wa milimita 80 hupata kiuno cha milimita 57.

Dawa yake ni kuugawa mgeuko. Badala ya maumbo mawili, weka saba, moja kila baada ya milimita 25 za kimo, na kila moja igeuke nyuzi 15 zaidi ya lililo chini yake. Kati ya hatua mbili kona hukata ndani kwa milimita 0.3 au 0.4 tu, kiasi ambacho jicho halikioni. Nyuzi 15 pia ni ndogo kuliko nyuzi 30, ambazo ni nusu ya nafasi kati ya kona mbili za pembesita, kwa hiyo kona iliyo karibu zaidi ndiyo iliyo sahihi. Programu haina pa kukosea.

Katika FreeCAD, ambayo ni ya bure, chora pembesita ya kwanza kwenye bapa la `XY`, kisha inakili mara sita. Kila nakala ibadilishie mahali pake kwenye `Attachment Offset`: kimo kiwe 25, 50, 75 na kuendelea hadi 150, na pembe iwe 15, 30, 45 hadi 90. Halafu chagua ya chini, fungua `Additive Loft`, na uongeze zilizobaki kwa mpangilio wa kimo. Ukiruka moja kisha ukairudia baadaye, uso hujikunja na kujipenya wenyewe. Kisanduku cha `Ruled surface` kiache wazi, ili uso upite laini katika maumbo yote saba badala ya kuvunjika kwenye kila hatua.

Unene unatoka kwenye nozeli

Donge likishakamilika, lipeleke kwenye programu ya kukata. Katika PrusaSlicer washa `Spiral vase`. Katika Cura hali hiyo inaitwa `Spiralize Outer Contour`. Kuanzia hapo programu hufuata ukingo wa nje peke yake, haijazi kitu ndani na haifuniki juu. Nozeli hupanda kidogo kidogo huku ikizunguka, kwa hiyo ukutani hakuna kovu la mahali tabaka linapoanzia. Ndiyo maana umbo lililochimbwa ndani huleta matatizo: lina kingo mbili, wa nje na wa ndani, ilhali hali hii inahitaji mstari mmoja uliofungwa kwa kila kimo. Kwa sababu hiyo hiyo, mshikio wa pembeni hauwezekani.

Unene wa ukuta sasa ni upana wa mstari. Nozeli ya milimita 0.4 kwa kawaida huwekewa upana wa 0.45, lakini plastiki hutandazwa na uso wa ncha ya nozeli, kwa hiyo 0.6 hutoka vizuri. Kwa chombo cha maua chagua 0.6, tabaka la milimita 0.2, na matabaka manne ya kitako. Tofauti hiyo ndogo huupa ukuta nguvu na huacha nafasi kubwa zaidi ya tabaka kulala juu ya lenzake.

Usishangae kasi ikipungua. Mzunguko mmoja una milimita 240, na kwa kasi ya milimita 60 kwa sekunde humalizika kwa sekunde nne. Plastiki ya PLA inakuwa haijakaza vya kutosha kubeba tabaka linalofuata, na kona huanza kuvimba. Ukiweka kila tabaka lichukue angalau sekunde nane, matabaka 750 yatachukua takriban saa moja na dakika arobaini.

Baada ya hapo kijaze maji na kukisimamisha juu ya karatasi kavu kwa usiku mmoja. Karatasi ikilowa, mara nyingi maji yamepita pale kitako kinapokutana na ukuta. Ongeza matabaka ya kitako, au kitumie kwa maua makavu.

Kikomo cha kusokota

Msokoto una faida zaidi ya urembo: uso uliojipinda ni mgumu kuliko uso bapa wa unene uleule, kwa hiyo ukuta hautikisiki unapoubonyeza. Lakini hauwezi kuongezwa ovyo. Kwa nyuzi 90, kona husogea milimita 63 ikipanda 150, sawa na milimita 0.08 kwa kila tabaka. Mstari wenye upana wa 0.6 hauna shida na hilo. Kwa nyuzi 180, zinazohitaji maumbo 13, kona husogea 0.17, na bado hukaa vizuri. Ukizungusha nyuzi 360 kwa kimo kilekile, kona husogea 0.33 kila tabaka, zaidi ya nusu ya mstari. Upande mmoja wa kila kona huanza kuning'inia hewani, na ukipapasa chini yake utahisi ukwaruzo na vijiuzi vilivyolegea. Anayetaka mzunguko mzima afanye chombo kirefu zaidi, kimo cha milimita 300, na mwendo wa kona utarudi kwenye 0.17.