Kava la Taa Lisilovuja: Kutoka Nyuso Tupu Hadi Plastiki ya Kushikika

Kava la taa ya pikipiki likiwa limechorwa kwenye programu ya Rhino hupendeza macho. Limejipinda vizuri, linang'aa, na ukiligeuza kwenye skrini unadhani limebaki kutengenezwa tu. Kumbe hapo bado ni nyuso tatu, moja ya mbele na mbili za pembeni, na hakuna hata moja yenye unene. Printa ya 3D haina cha kuchapa kwenye uso mtupu, na fundi wa kalibu ya plastiki hana cha kupima.

Kazi ya kwanza ni kuziunga nyuso hizo ziwe ganda moja, na ugumu wake unatokana na namna kompyuta inavyokata. Unapopunguza uso kwa amri ya `Trim`, kipande cha ziada hakitupwi. Uso mzima unabaki kwenye kumbukumbu, na juu yake unawekwa mstari unaosema: onyesha mpaka hapa tu. Ndiyo maana `Untrim` inaweza kukirudisha kipande chote. Uso wa mbele una mstari wake wa mpaka, na wa pembeni una wake, kama vipande viwili vya kitambaa vilivyokatwa kwa karatasi mbili tofauti za vipimo. Kwa macho mistari hiyo imelingana. Kwa hesabu, huenda imepishana kidogo.

Amri ya `Join` hukubali kuunga kingo mbili endapo pengo kati yake liko ndani ya kiasi kilichowekwa kwenye faili. Tuseme faili yetu imewekwa milimita 0.001. Uso wa pembeni wa kulia ulipunguzwa kwa mstari uliochorwa kwa mkono, ukaacha pengo la milimita 0.05 dhidi ya uso wa mbele. Hakuna jicho litakaloliona, lakini ni kubwa mara 50 kuliko linaloruhusiwa, kwa hiyo muungo unakatika hapo.

Namna ya kuligundua ni `ShowEdges`, ukichagua kingo zilizo wazi, yaani `Naked edges`. Ukingo uliounganishwa vizuri unamilikiwa na nyuso mbili; ulio wazi unamilikiwa na mmoja. Kwenye ganda letu ni mzingo wa nje peke yake unaopaswa kuwaka rangi, kwa sababu ndiko ganda linakoishia. Mstari mwingine wowote ukiwaka katikati ya kava, hapo ndipo penye pengo.

Wengi hapa hukimbilia `JoinEdge`, na mimi nawasihi waiache. Amri hiyo huihesabu kingo mbili kuwa moja bila kuzisogeza, hivyo alama ya pengo inapotea huku pengo lenyewe likibaki. Litajitokeza baadaye, pale umbo litakapokataa kukatwa au kuongezewa sehemu nyingine. Dawa ya kweli ni kurudi nyuma: rudisha uso kwa `Untrim`, refusha nyuso zote mbili kwa `ExtendSrf` mpaka zipitane, kisha tumia kila moja kuupunguza mwenzake. Mpaka sasa unatoka kwenye makutano halisi ya nyuso zenyewe, na `Join` inakubali bila kulazimishwa.

Ganda likikamilika, tunalipa unene wa milimita 2.5 kuelekea ndani kwa `OffsetSrf`, tukiweka `Solid=Yes`. Programu inanakili ganda, inaisogeza nakala, kisha inaziba mzingo wote kwa ukuta mwembamba. Tatizo huja kwenye kona. Kona ya nje iliyolainishwa kwa nusu kipenyo cha milimita 2, ikisogezwa ndani kwa 2.5, inapitiliza kitovu chake na uso unajikunja juu yake wenyewe. Ongeza nusu kipenyo kiwe milimita 4, ndani zitabaki 1.5. Njia ninayoipenda zaidi ni kuacha kona zikiwa kali, kutoa unene kwanza, halafu kulainisha mwishoni. Tundu la taa nalo lisubiri. Ukilitoboa mapema, ukuta wake utafuata mwinamo wa uso badala ya kwenda sambamba na taa, na taa itakwama. Toboa baadaye kwa silinda na `BooleanDifference`.

Sasa `ShowEdges` isionyeshe ukingo wazi hata mmoja, kwa kuwa umbo limefungwa kila upande. Hata hivyo, uso uliojikunja unaweza kuupita ukaguzi huo, kwa hiyo pima pia ujazo kwa `Volume`. Kabla ya kutoboa tundu, ganda lenye eneo la sentimita za mraba 600, kwa unene wa sentimita 0.25, linapaswa kukaribia sentimita za ujazo 150, pengine pungufu kidogo kwa sababu upande wa ndani ni mdogo kuliko wa nje. Ukiletewa 110, kuna mahali uso umejikunja, na pa kuanzia kutafuta ni kwenye kona zenye mkunjo mkali kuliko zote.